Ruta na kompyuta nyingine zina namba moja ya MAC: kuna mtu katikati?

*Fundi, shikamoo. Nina ofisi ndogo ya kupokea watalii hapa Arusha, karibu na Mnara wa Saa, na intaneti tunachangia na ofisi nyingine tatu za jengo hilohilo. Wiki hii neti inakata mchana, kisha inarudi yenyewe. Kijana wetu aliandika arp -a kwenye kompyuta akaona ruta na anwani nyingine, 192.168.88.37, zina namba moja ya MAC. Anasema kuna mtu amejiweka katikati anasoma mambo yetu. Picha nimeambatanisha. Ni kweli? Na nitampataje?*

Marahaba, dada. Huyo kijana mpe soda, ameangalia mahali ambapo wengi hawaangalii. Ila msimkamate mtu bado. Hiki ndicho nilichokisoma kwenye picha yako:

```
Interface: 192.168.88.24 --- 0xb
  Internet Address      Physical Address      Type
  192.168.88.1          3c-52-82-1f-0a-9e     dynamic
  192.168.88.37         3c-52-82-1f-0a-9e     dynamic
  192.168.88.50         00-26-73-8c-41-d0     dynamic
```

MAC ni namba ya utambulisho ambayo kila kadi ya mtandao hutoka nayo kiwandani, na kujirudia kwake peke yake si kosa. Ninachotaka kujua ni namba hiyo ni ya nani, na jibu liko chini ya ruta. Igeuze usome stika. Anwani zenu zinaanza na 192.168.88, na hizo ndizo MikroTik hutoka nazo kiwandani, kwa hiyo naamini ruta yenu ni ya aina hiyo. Kwenye stika kuna MAC. Kila tundu la ruta lina namba yake na namba hizo hufuatana, kwa hiyo tarakimu za mwisho zikipishana kidogo usishtuke. Angalia tarakimu sita za mwanzo, kwa sababu hizo humtambulisha mtengenezaji wa kifaa.

Kama stika nayo inaanza na 3c-52-82, pumua. Basi ni ruta inayojibu kwa niaba ya 37, na kuna mipangilio halali inayofanya hivyo, hasa pale fundi alipotenganisha vifaa vya waifai visionane moja kwa moja. Lakini kama stika inasema kitu kingine kabisa, tuseme 4C:5E:0C, basi kompyuta ya kijana wako inaamini kwamba ruta iko mahali ambapo haipo. Kwa kuwa neti pia inakata na kurudi yenyewe, mimi naegemea huku, na kuanzia hapa nitaandika kana kwamba stika imekataa.

Sasa nikueleze jinsi mtu anavyoweza kufanya hivyo bila kugusa kompyuta yenu wala kujua neno la siri la ruta.

Kompyuta yako ikitaka kutuma kitu nje, inajua IP ya ruta, 192.168.88.1. Lakini waya na waifai za humo ndani hazipeleki mzigo kwa kufuata IP, zinafuata MAC. Kwa hiyo kwanza kompyuta inapiga kelele mtandao mzima usikie: mwenye 192.168.88.1 ni nani, anijibu. Ruta inajibu: ni mimi, namba yangu ni hii. Kompyuta inaandika jibu hilo kwenye jedwali lake, na jedwali hilo ndilo arp -a inalokuonyesha. Utaratibu wote ni huo, unaitwa ARP, na uliandikwa mwaka 1982 kwenye waraka wa RFC 826, wakati waliokuwa kwenye mtandao mmoja walikuwa watu wanaofahamiana. Hakuna neno la siri ndani yake, hakuna sahihi, hakuna namna ya kumuuliza anayejibu athibitishe. Baya zaidi, kompyuta nyingi zikishakuwa na jina kwenye jedwali hukubali kulibadilisha hata likija jibu ambalo hazikuliomba. Ni kama umesimama stendi unamsubiri mjomba, akaja mtu hujamuuliza kitu akakwambia, "Mjomba wako ni mimi," nawe ukampa begi.

Mwenye 37 anafanya hivyo mara mbili, na hiyo mara ya pili watu huisahau. Anaiambia kompyuta ya kijana wako kwamba 88.1 iko kwenye MAC yake. Kisha anaiambia ruta kwamba 88.24, yaani kompyuta ya kijana, nayo iko kwenye MAC yake. Akifanya la kwanza tu, mnachotuma kitapita kwake lakini majibu kutoka nje yatawafikia moja kwa moja. Akifanya yote mawili, kwenda na kurudi kote kunapitia mezani kwake.

Hapa pana jambo ambalo likikukaa vizuri, mengine yote yatakuwa mepesi. Kompyuta ikituma ombi kwa tovuti ya nje, ndani ya pakiti kuna IP ya tovuti ile, na huyu bwana haigusi. Kinachobadilika ni bahasha ya nje tu, ile yenye MAC. Swichi yenu ya ukutani inasoma bahasha ya nje, inaona 3c-52-82-1f-0a-9e, inapeleka kwenye tundu la mwenye namba hiyo. Swichi haijadanganywa, imefanya kazi yake sawasawa. Aliyedanganywa ni aliyeandika bahasha. Ndiyo maana kubadilisha swichi ya kawaida kwa mpya ya kawaida hakusaidii kitu, ingawa najua kuna mafundi watakaokuuzia.

Pakiti zikishafika kwake, lazima azisukume mbele kwa ruta halisi. Kwenye Linux ni suala la kuwasha kitu kimoja, ip_forward, na kompyuta yake inageuka ruta ndogo. Asipowasha, kila kinachomfikia kinafia hapohapo nanyi mnaona neti imekata. Wengine hilo ndilo wanalolitaka hasa, hawana haja ya kusoma chochote. Zipo programu za simu na kompyuta zilizotengenezwa kwa ajili hiyo: unachagua majina ya wenzako kwenye orodha, unawakata, bando lote linabaki kwako. Hapa Moshi niliitwa kwenye nyumba ya wageni ambako waifai ilikuwa inakufa kila jioni kwa vyumba vyote isipokuwa kimoja. Mgeni wa chumba hicho alikuwa anaangalia mpira.

Na huku kukata na kurudi kwenyewe? Uongo huu hauna maisha marefu. Windows na Linux huliamini jina lililo kwenye jedwali kwa nusu dakika hivi, kati ya sekunde 15 na 45, kisha hutaka kulihakiki upya. Ruta ya kweli nayo huongea mara kwa mara na kila ikiongea inaweza kusahihisha. Kwa hiyo mdanganyifu lazima arudie uongo wake kila baada ya sekunde chache, mfululizo, kwa muda wote anaokaa katikati. Akiifunga programu kwa adabu, nyingi hutuma namba sahihi mwishoni ili asiachie alama. Lakini akifunika tu kompyuta yake na kwenda kula, jedwali zenu zinabaki zikielekeza kwa mtu ambaye hayupo. Neti inakufa, inakaa hivyo sekunde kadhaa au dakika moja na kidogo, kisha kompyuta zinauliza tena, ruta inajibu, mambo yanarudi. Ukiniambia inakata saa saba mchana, nitataka kujua nani kwenye jengo hutoka kula saa saba. Huo si ushahidi, ni mahali pa kuanzia tu.

Nikuondolee na hofu moja kabla hatujaendelea. Kukaa katikati si kusoma kila kitu. Tovuti za HTTPS, na siku hizi karibu zote ni hivyo, atajua mmefungua tovuti gani na mzigo ulikuwa mkubwa kiasi gani, ila yaliyomo ndani hayaoni. Hatari inaanza pale kivinjari kinapotoa onyo la cheti na mtu wako wa mapokezi akabonyeza kuendelea kwa sababu mgeni anasubiri. Miamala ya simu kwa data ya laini yenyewe haipiti kwenye mtandao wa jengo, hiyo iweke pembeni. Kwa ofisi ya watalii kinachonitia wasiwasi ni barua pepe. Kama programu yenu ya barua iliwekwa zamani kwa port namba 110 au 143 bila usimbaji, neno la siri linapita wazi kila programu inapochungulia barua, na mwenye neno hilo anaweza kuwaandikia wageni wenu akiwa ofisi yenu, na ankara yenye akaunti ya benki nyingine. Fungua mipangilio leo uangalie. Ukikuta 993 au 995, uko salama upande huo. Ukikuta 110 au 143, tazama kama STARTTLS, yaani usimbaji unaowashwa juu ya port hiyohiyo, imewekwa kuwa lazima. Kama haijawekwa, iweke kwanza, kisha badilisha neno la siri ukiwa kwenye data ya simu, wala si kwenye waifai ya jengo.

Sasa kuthibitisha. Kaeni kwenye kompyuta ileile iliyoonyesha namba mbili, wakati tatizo lipo. Hii nasisitiza, kwa sababu uongo huu hulengwa. Anaweza kuwa anamdanganya kijana wako peke yake, wewe ukaandika arp -a kwenye ya kwako ukaona ruta safi kabisa mkabishana bure. Na kinyume chake pia ni kweli: kutokuona namba mbili zinazofanana hakumaanishi hakuna mtu. Kompyuta huorodhesha tu wale iliowasiliana nao. Ile 37 ilionekana kwa bahati, na isingeonekana mngekuwa na ruta yenye MAC ya uongo peke yake kwenye orodha, bila cha kulinganisha. Ndiyo maana nimeanza na stika.

Fungua Command Prompt kama msimamizi, futa jina la ruta, mpigie ping, angalia tena:

```
arp -d 192.168.88.1
ping -n 2 192.168.88.1
arp -a
```

Rudia mara nne au tano. Kama namba inakuja sahihi ya stika kisha baada ya sekunde chache inageuka tena kuwa 3c-52-82, mnaangalia mashindano ya watu wawili wanaodai jina moja. Mtandao wenye afya hauna tabia hiyo. Kwenye ping hiyo angalia pia TTL, hesabu ya ruta ambazo pakiti bado inaruhusiwa kupita. MikroTik hujibu kwa 64. Ukiona 63, kuna kifaa kimoja zaidi kimesimama njiani, kwa sababu kila ruta hupunguza moja. Vilevile jaribu `tracert -d 8.8.8.8`, inayoorodhesha ruta zilizo njiani: mstari wa kwanza unatakiwa kuwa 88.1. Ukianza na 88.37 na 88.1 ikaja ya pili, mtu wako amejitaja mwenyewe. Lakini usimsafishe mtu kwa kipimo hiki kikikosa kuonyesha kitu, maana baadhi ya programu husukuma pakiti bila kupunguza TTL.

Ushahidi ninaouheshimu zaidi unatoka kwenye ruta. Ingia kwenye MikroTik, au mwombe anayeisimamia mkae naye, muandike:

```
/ip arp print
```

Tafuta mstari wa 192.168.88.24. Kama ruta nayo imeandika MAC ya 3C:52:82:1F:0A:9E kwa ajili ya 24, wakati kompyuta ya kijana ina namba yake tofauti (ataiona kwa `ipconfig /all`), basi mmeona pande zote mbili za uongo. Hapo sina tena la kuitetea 37. Ripita, kile kifaa cha kurefusha waifai, kwa kawaida haifanyi pande zote mbili, na ruta mpya haifanyi hivyo.

Nimetaja ripita kwa sababu iliwahi kuniaibisha. Miaka ya nyuma kwenye hosteli moja niliona anwani nne zenye MAC moja, nikapanda juu kwa hasira kumtafuta mwanafunzi. Nilichokikuta ni kiripita cha waifai kimechomekwa ngazini. Vifaa hivi, vingi vyake, huwasilisha wateja wao wote kwa ruta vikiwa na MAC ya ripita yenyewe, kwa hiyo ukikaa upande wa ruta unaona 41, 42, 43 na 44 zote ni namba moja. Tofauti na kesi yako ni kwamba ruta haikuwemo kwenye kundi lile. Simu nazo zinasumbua kwa namna yake. Tangu Android 10 na iOS 14, simu nyingi hujitungia MAC ya muda kwa kila waifai, kwa hiyo namba ya ajabu usiyoijua mtengenezaji wake si lazima iwe ya mwizi. Utaitambua namba ya kujitungia kwa tarakimu ya pili: ikiwa 2, 6, A au E, haikutoka kiwandani.

Kabla hujachomoa waya wowote, hifadhi rekodi. Weka Wireshark, programu ya kunasa pakiti za mtandao, kwenye kompyuta ya kijana, iache inase kwa dakika tano, kisha kwenye kisanduku cha juu andika:

```
arp.opcode == 2
```

Hayo ni majibu ya ARP peke yake. Kwenye kompyuta iliyotulia utaona machache, tena kila moja limetanguliwa na swali. Kwenye kompyuta inayodanganywa utaona sentensi ileile, 192.168.88.1 is at 3c:52:82:1f:0a:9e, ikishuka kama matone ya bomba bovu, sekunde hadi sekunde, bila yeyote kuuliza. Wireshark yenyewe itaweka onyo la duplicate use la IP ikisikia namba mbili zikidai anwani moja. Hifadhi faili hilo pamoja na picha ya ruta. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kunasa mawasiliano ya watu bila haki, na kama mambo yakifika kwa mwenye jengo au polisi, faili lenye saa na dakika litasema zaidi ya maneno ya kijana wako dhidi ya maneno ya jirani.

Kumpata sasa. Ruta inajua kila MAC imeingilia tundu gani:

```
/interface bridge host print where mac-address=3C:52:82:1F:0A:9E
/ip dhcp-server lease print where address=192.168.88.37
```

Amri ya kwanza itakupa tundu, tuseme ether3. Fuata waya wa ether3 kwa macho na mkono hadi ofisi unakoingia. Ya pili mara nyingi hukupa jina ambalo kompyuta ilijitambulisha nalo ilipoomba anwani, na utashangaa ni mara ngapi jina hilo ni la mtu mwenyewe. Kama tundu hilo linakwenda kwenye swichi ya kawaida isiyo na mipangilio, ruta haiwezi kukuambia zaidi. Hapo mmoja wenu akae na Wireshark ikishusha yale matone, mwingine akiwa kwenye swichi anachomoa waya mmoja mmoja kwa nusu dakika. Waya ukichomolewa na matone yakakoma, umefika. Chukua ruhusa ya wenye ofisi kwanza, na usifanye wakati mtu anatuma malipo. Na kama amri ya kwanza imekupa waifai, tazama nguvu ya mawimbi yake kwenye orodha ya waliounganishwa na ruta. Kule kwenye nyumba ya wageni mgeni wangu alionekana na -48, ambayo ni mtu aliye karibu sana na ruta, na kwenye korido ile kulikuwa na vyumba viwili tu.

Ukifika kwake, kumbuka kompyuta inaweza kuwa imeambukizwa na mwenyewe hana habari. Ingia kwa salamu.

Kuzuia isirudi, kuna dawa ndogo na dawa kubwa. Ndogo ni kuiandikia kompyuta MAC ya ruta kwa wino usiofutika, ili isisikilize mtu:

```
netsh interface ipv4 add neighbors "Wi-Fi" 192.168.88.1 4c-5e-0c-xx-xx-xx
```

Weka MAC halisi ya ruta, ile itakayoonekana kwenye jedwali mtandao ukiwa safi, na jina la kadi kama linavyosomeka kwenye kompyuta yenu. Hiyo inalinda mnachotuma, si mnachopokea, kwa sababu ruta bado inadanganyika kuhusu ninyi. Upande wa ruta unazibwa kwa kuifanya iamini tu anwani ilizozigawa yenyewe kwa DHCP, huduma yake ya kugawa IP:

```
/ip dhcp-server set defconf add-arp=yes
/interface bridge set bridge arp=reply-only
```

Majina defconf na bridge ni yale ya kiwandani, yenu yanaweza kuwa tofauti. Na tahadhari: baada ya amri ya pili, kifaa chochote kilichoandikiwa IP kwa mkono kitakosa njia ya kwenda kwenye ruta. Ile 192.168.88.50 kwenye orodha yako inanukia printa. Printa itaendelea kuchapa humu ndani, ila kama hutuma skani kwa barua pepe zitagoma, na utalaumiwa wewe. Iandikishe kwanza kwenye DHCP, halafu subirini kompyuta zote zichukue anwani upya ndipo muiwashe hiyo ya pili, usiku ikiwezekana.

Kuna programu iitwayo arpwatch ambayo mafundi wengi watakushauri uiwashe kwenye kikompyuta cha pembeni ikuandikie kila MAC inapobadilika. Ni nzuri, mimi naitumia, ila usiitegemee ikiwa imechomekwa kwenye tundu la kawaida la swichi. Uongo ukitumwa moja kwa moja kwa kompyuta ya kijana wako, swichi haiupeleki kwa mwingine yeyote, arpwatch ikiwemo. Itakaa kimya na wewe utadhani kuna amani. Mahali pake ni kwenye tundu ambalo swichi imeambiwa inakili kila kitu, na swichi za bei ya chini hazina tundu hilo.

Dawa kubwa ni kuacha kuishi chumba kimoja na majirani. ARP haivuki ruta. Kama ofisi yenu ina tundu lake kwenye MikroTik, litolewe kwenye bridge ya pamoja, ile inayounganisha matundu kuwa mtandao mmoja, na lipewe mtandao wake, tuseme 192.168.20.1 yenye DHCP yake, pamoja na sheria ya kuzuia mitandao ya majirani isiingie kwenu. Mtu wa ghorofa ya juu anaweza kupiga kelele za ARP mchana kutwa na kompyuta zenu zisisikie neno. Bando na gharama mnaendelea kuchangia kama zamani. Kwa anayeijua MikroTik si kazi ya kutwa nzima. Waifai nayo ipewe jina lenu na mtandao huohuo wenu, isije ikawa mmejenga ukuta mbele mkaacha dirisha wazi.

Fanyeni rekodi ya Wireshark kwanza, kabla ya dawa yoyote, maana mkishatenga mtandao matone yatakoma na hamtakuwa na cha kumwonyesha mwenye jengo. Kisha nitumie matokeo ya `/ip arp print` na `/interface bridge port print`, nikuandikie amri za kulitoa tundu lenu. Namba ya stika pia, tafadhali, yote kamili. Kijana aisome kwa tochi, maana 8 na B kwenye hizo stika zimeshanipotezea mchana mzima.